Wimbo Alioupenda Marehemu na Mahali Pake Katika Misa

Wako waalimu wa kwaya wanaoamini kwamba nyimbo za misa ya wafu ni mali ya kwaya peke yake, na kwamba kazi ya wafiwa ni kulia na kupika. Mimi si mmoja wao. Nimefundisha kwaya ya parokia hapa Kakamega kwa miaka mingi, na maoni yangu ni kwamba mtoto wa marehemu akiomba wimbo mmoja ambao babaye aliupenda, ombi lake lina haki ya kusikilizwa, kupimwa na kujibiwa kwa kazi. Lakini kulisikiliza ombi si kuuchomeka wimbo popote penye nafasi. Wimbo una mahali pake katika misa, una masharti yake, na una kazi ya kuuandaa ambayo haifanyiki usiku mmoja. Nitaueleza mkasa mmoja uliopita mikononi mwangu, ili msomaji apime mwenyewe.

Barua ililetwa kwangu siku ya Jumatatu na kijana wa pikipiki. Iliandikwa kwa mkono, kurasa mbili za daftari la shule. Aliyeiandika ni binti wa mzee mmoja wa upande wa Isukha, na makumbusho ya babaye ya mwaka mmoja yalikuwa yamepangwa kufanyika nyumbani siku ya Jumamosi, siku kumi na tisa mbele. Baada ya mulembe na habari za nyumbani, alisema hivi: “Mwalimu, wakati wa mazishi tulikuwa hatuna akili, kwaya ikaimba ilivyoona vema, na tunawashukuru. Lakini baba alikuwa na wimbo wake mmoja. Aliuimba akikamua ng'ombe jioni, na aliuimba hospitalini wakati sauti ilikuwa imekwisha akawa anatikisa midomo tu. Haukuimbwa siku tuliyomzika. Naomba uimbwe sasa.”

Kisha akaeleza kwamba hajui namba ya wimbo wala kitabu, kwamba anakumbuka ubeti wa kwanza na nusu ya pili, na kwamba babaye aliuimba kwa Kiluhya cha upande wa Butere, kwa kuwa alilelewa kwa mjomba wake na kusoma huko kabla ya kurudi kwao na kufunga ndoa katika misheni ya Mukumu. Mwisho akaandika: “Kama haiwezekani, niambie mapema ili niache kutumaini.”

Nilimwita aje aniimbie. Akaja kesho yake, akaimba pale pale mlangoni kabla hajaketi, na kwa mstari wa kwanza niliutambua. Ulikuwa ule wimbo wa machweo, wenye maneno ya kasisi wa Kianglikana wa Uingereza, Henry Francis Lyte, yaliyojulikana tangu mwaka 1847, mwaka ule ule aliofariki kwa kifua kikuu akiwa safarini katika mji wa Nis, Ufaransa. Sauti tunayoiimba sisi sote ilitungwa baadaye na mpiga kinanda William Henry Monk, ikatoka katika kitabu cha nyimbo cha mwaka 1861. Waumini wa makanisa ya Kiprotestanti wanao kwa Kiswahili katika Tenzi za Rohoni. Katika kitabu ambacho kwaya yangu hukitumia haumo.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Nilipoitaja habari hii katika kamati, mzee mmoja aliyeheshimika alisema wazi kwamba huo ni wimbo wa Waprotestanti, na misa ya Kikatoliki haiwezi kuazima. Sikumdharau mzee huyo, wala msomaji asimdharau, maana anakumbuka mambo ambayo vijana hawayajui. Nchi hii ya Waluhya iligawanywa na misheni kabla babu zetu hawajajua kilichogawanywa. Makwekari walikaa Kaimosi tangu mwaka 1902, mapadre wa Mill Hill wakaingia Mumias mwaka 1904, na Waanglikana wa C.M.S. wakajenga Butere mwaka 1912. Kila misheni ilikuwa na shule yake, zahanati yake na kitabu chake cha nyimbo. Mtoto wa Butere alijua nyimbo za Kiingereza zilizotafsiriwa, na mtoto wa Mukumu akajua Kilatini cha misa. Kwa miaka mingi Mkatoliki alikatazwa kushiriki ibada ya wenzake. Wimbo ukawa kama kitambulisho: ukisikia mtu anavyoimba akilima, unajua alikobatizwa.

Lakini mambo hayo yalibadilishwa na Kanisa lenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia mwaka 1963, ikaruhusu lugha za watu na ikaagiza kwamba muziki wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mwaka 1964 ukatoa hati nyingine juu ya umoja wa Wakristo, iliyokiri kwamba mema mengi ya Kanisa yamo pia kwa ndugu waliotengana nasi. Tangu hapo swali la haki juu ya wimbo si “Umetoka kwa nani?” bali “Unasema nini, na unasaidia sehemu gani ya misa?”

Basi tuuulize wimbo huu unasema nini. Maneno yake yametoka katika Injili ya Luka, sura ya 24, pale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau walipomsihi yule mgeni asiwaache, kwa kuwa jua linakuchwa. Mgeni akaingia, akaketi nao mezani, akaumega mkate, wakamtambua. Lyte aliuchukua usiku ule wa Emau akaufanya usiku wa kufa. Msomaji Mkatoliki ataona mara moja nilichokiona: habari ya Emau ni mojawapo ya Injili ambazo Kanisa limeziweka zisomwe katika misa za wafu, na kiini chake ni kumega mkate, yaani Komunyo. Wimbo ulioitwa wa Waprotestanti ulikuwa umekaa tayari katikati ya misa yetu, ukingoja mtu wa kuufungulia mlango.

Nilikwenda kwa paroko nikiwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa na maneno ya wimbo yote, Kiluhya na Kiswahili, kwa sababu maelekezo ya Misale yanataka nyimbo zinazoimbwa mahali pa antifona ziwe zimekubaliwa na maaskofu, na wimbo usiokuwamo katika kitabu unapaswa kuonyeshwa kabla ya kuimbwa, si baada. Karatasi ya pili ilikuwa na ombi kwamba Injili ya siku hiyo iwe ya Emau. Paroko alisoma, akauliza maswali mawili juu ya tafsiri, akakubali yote mawili. Mzee wa kamati alipoelezwa habari ya Injili alisema tu, “Kumbe.” Katika maisha yangu ya kamati sijasikia neno fupi lililonifurahisha zaidi.

Sasa swali la mahali. Familia nyingi zikiomba wimbo huutaka uimbwe “pale katikati ambapo watu wametulia”, yaani baada ya somo la kwanza. Hapo hapawezekani. Pale ni mahali pa zaburi, na zaburi ni Neno la Mungu kama somo lenyewe. Hakuna wimbo wa mtu, hata uwe mtakatifu namna gani, unaoruhusiwa kuiondoa. Shangilio kabla ya Injili nalo lina maneno yake, na wakati wa Kwaresima Aleluya haiimbwi kabisa. Sala ya “Mtakatifu” na “Mwanakondoo” hazibadilishwi na wimbo mwingine. Zinazobaki ni nafasi nne: kuingia, vipaji, wakati wa Komunyo na baada ya Komunyo.

Wimbo wa kuingia hauna budi kuwainua watu wanaotoka juani na kuwafanya kuwa kusanyiko moja. Wimbo wa machweo ungewalaza kabla hawajaamka. Vipaji huku kwetu ni mwendo: watu wanakuja na kuku, ndizi na magunia ya mahindi, ngoma za isukuti zinalia, na hakuna mtu mwenye akili atakayejaribu kuuweka wimbo wa polepole namna hii juu ya isukuti. (Na msomaji asidhani naidharau isukuti. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hii ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na sababu ni kwamba vijana wa kuirithi wanapungua. Lakini kila chombo kina kazi yake.) Wakati wa Komunyo watu wanatembea, na wimbo wenye kiitikio kifupi ndio unaofaa, kwa sababu anayetembea hawezi kushika kitabu. Inabaki baada ya Komunyo, wakati padre ameketi na watu wamepiga magoti au wameketi kimya. Hapo Kanisa linaruhusu zaburi au wimbo wa sifa uimbwe na watu wote. Mkate umekwisha kumegwa, kama Emau. Hapo ndipo mahali pake.

Liko sharti moja la kalenda ambalo wafiwa wengi hawalijui, na linawaletea huzuni isiyo ya lazima. Misa ya wafu ya kutimiza mwaka inaweza kusomwa siku nyingi za juma, ila Jumatano ya Majivu na Juma Takatifu. Siku ya Jumapili haisomwi. Misa ni ya Jumapili, na masomo na nyimbo zafuata Jumapili, marehemu akitajwa tu katika nia na maombi. Familia inayotaka nyimbo za wafu na Injili iliyochaguliwa ichague Jumamosi au siku nyingine ya juma. Binti huyu alikuwa amechagua Jumamosi kwa sababu ya watu wanaotoka Nairobi, akawa amefanya vema bila kujua.

Baada ya ruhusa ilibaki kazi. Kwaya yetu hufanya mazoezi Jumatano na Jumamosi, kwa hiyo tangu barua mpaka makumbusho tulikuwa na mazoezi matano. Watu hudhani wimbo unaojulikana hauhitaji mazoezi. Ni kinyume chake. Wimbo usiojulikana kila mtu huusoma. Wimbo unaojulikana kila mtu huja na wake.

Niliuandika kwa nota za solfa, kama waalimu wetu walivyotufundisha. Kwa kipimo cha sauti ni wimbo mpole sana: sauti ya juu inaanzia doh na haipiti la, yaani noti sita tu, na mkulima asiyewahi kuimba kwaya anaweza kuufikia. Vitabu vingi vinaweka doh juu ya E bemoli. Mimi niliipandisha kidogo hadi F, kwa sababu ya jambo ambalo kila mwalimu wa kwaya isiyo na kinanda analijua: wimbo wa polepole hushuka. Waimbaji huchoka mwisho wa kila mstari, sauti inalegea kidogo sana, na ikifika ubeti wa tatu wamekwisha kupoteza nusu tani au zaidi bila mtu kujua, ila besi ambao wanajikuta wananguruma chini ya kisima. Ukianzia F, hata ukishuka, unashukia mahali ambapo kitabu kilitaka uanzie.

Kuna noti moja katika wimbo huu inayowashinda watu, nayo iko mwisho wa mstari wa pili. Monk aliandika pale ray, me, fe, soh. Si fah, bali fe, noti iliyopandishwa nusu hatua, ambayo inaifanya soh isikike kana kwamba ni nyumbani kupya. Ni kama mlango unaofunguka katikati ya giza la wimbo. Kwaya isiyo na kinanda karibu daima huimba fah ya kawaida, kwa kuwa ndiyo sikio linayoizoea, na mlango haufunguki. Namna ya kujua ni rahisi: simamisha kwaya juu ya noti ile, waimbe ile na inayofuata peke yake. Kama hatua kati yake ni pana, ni fah. Kama zinagusana karibu sana, kama te inavyogusana na doh, ni fe. Na namna ya kuifundisha ni kuwaacha waimbe soh, lah, te, doh, jambo ambalo hata mtoto analiweza, kisha uwaambie kwamba wameimba mstari wenyewe, bado kubadilisha majina tu. Kwangu ilichukua mazoezi mawili kamili, na tena la ubeti wa tatu lilirudi kuwa fah siku ya tatu tukaanza upya.

Tatizo la pili ni la lugha. Kiswahili kina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti ya Monk ilitungwa kwa Kiingereza, na kila mstari unaishia juu ya noti ndefu yenye nguvu. Neno kama “Bwana” likiwekwa pale, noti ndefu inaiangukia “na”, na mwimbaji asiyeangalia anaimba “bwaNAAA”, kama mtu anayeita mtu ng'ambo ya mto. Huwezi kuibadilisha sauti, lakini unaweza kumfundisha mwimbaji aiegemee silabi ya kwanza, kisha ailegeze ya mwisho na kuikata mapema kidogo apate pumzi. Kiluhya kina shida yake kubwa zaidi, maana ni lugha yenye toni. Neno lililopandishwa mahali linapopaswa kushuka linaweza kuwa neno jingine. Wale waliotafsiri nyimbo za misheni mara nyingi walihesabu silabi tu. Ndiyo sababu tuliamua kwamba ndani ya misa wimbo utaimbwa Kiswahili, watu wote waelewe, na waliotoka mbali wasijikwae.

Hesabu ya beti nayo ni lazima. Lyte aliandika beti nane. Vitabu vingi huimba tano. Kila mstari una mapigo kumi na sita, ubeti mapigo sitini na nne, na kwa mwendo wa heshima ubeti mmoja ni karibu dakika moja. Beti tano ni zaidi ya dakika nne, na baada ya misa ya saa mbili, mbele ya watu waliokaa chini ya turubai, ni nyingi. Tulichagua tatu: wa kwanza kwa sababu ndio wa marehemu, na wa mwisho kwa sababu ndio unaotaja kifo na mapambazuko, wa kati tulimwachia binti achague.

Ndipo likaja jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha muziki. Binti alihudhuria zoezi la nne. Kwaya iliimba vizuri, fe ilikuwa mahali pake, mlango ukafunguka kama Monk alivyotaka. Tulipomaliza alikaa kimya, kisha akasema kwa adabu, “Ni mzuri sana, Mwalimu. Lakini baba hakuimba hivyo.” Nikamwomba aimbe tena kama babaye. Akaimba, na mwisho wa mstari wa pili akaimba fah. Fah safi, pana, bila kusitasita. Mzee alijifunza wimbo huo utotoni katika darasa lisilo na kinanda, kwa mwalimu ambaye huenda naye aliusikia hivyo, akauimba hivyo kwa miaka yote ya maisha yake. Noti niliyopigana nayo mazoezi mawili ndiyo iliyokuwa sahihi ya baba yake.

Waalimu wenzangu nitakaoongea nao watagawanyika hapa. Wengine watasema kosa ni kosa, hata likizeeka. Wengine watasema turudishe fah yote, tumfurahishe mfiwa. Mimi nasema yote mawili hayafai. Katika misa watu wengi wanaimba pamoja, wengine waliujua wimbo huo makanisani mwao kwa fe, na kinanda cha betri kinacheza fe. Ukiwaambia nusu yao waimbe fah, utapata noti mbili zinazogombana, na hakuna atakayemsikia marehemu. Lakini baada ya misa kuna kaburi. Pale padre hubariki msalaba, familia husogea karibu, kinanda kimezimwa, na hakuna sheria inayowazuia watoto wa mtu kuimba wimbo wa baba yao kama walivyoupokea kwake. Nilimwambia binti: “Mwanangu, kanisa zima litauimba kama kitabu kinavyosema. Kaburini mtauimba ninyi, Kiluhya, kwa fah yake, na kwaya yangu itanyamaza.”

Ndivyo ilivyokuwa. Kwaya ilinyamaza, na si rahisi kuinyamazisha kwaya yangu.

Natambua hoja iliyo nzito zaidi dhidi yangu. Mtu ataniuliza: ukimfungulia huyu, utamfungia nani? Kesho atakuja mwingine akisema babaye alipenda rekodi ya rumba, na kesho kutwa mwingine atataka wimbo wa chama cha siasa. Jibu langu ni kwamba maswali ni yale yale kwa kila mmoja, na hayahitaji hasira. Je, maneno yake ni sala, na mtu asiyemjua marehemu anaweza kuyaomba kama yake? Je, iko sehemu ya misa ambayo wimbo huu unaisaidia, badala ya kuisimamisha? Je, watu waliokusanyika wanaweza kuuimba, au utakuwa wa mtu mmoja na spika? Wimbo wa rumba utashindwa katika swali la kwanza, nao una mahali pake pa heshima: nyumbani baada ya chakula, wazee wakisimulia jinsi marehemu alivyocheza ujanani. Sijaona marehemu aliyedharauliwa kwa sababu rumba yake ilipigwa saa kumi badala ya saa tano.

Kwa hiyo nina maneno machache kwa pande mbili. Kwa wafiwa: andikeni barua mapema, juma tatu kama mnaweza, na msingoje siku ya kuamkia misa. Semeni wimbo ni upi, au njoni mwuimbe kama hamjui namba. Semeni marehemu aliuimba kwa lugha gani na beti zipi. Ombeni mmoja, si sita. Na mkiambiwa kwamba mahali mlipopataka hapawezekani, ulizeni palipo wazi ni wapi kabla ya kukasirika.

Kwa waalimu wa kwaya: ombi la namna hii likija, msilijibu kwa kusema kwamba ratiba imekwisha kuchapwa. Chukueni wimbo, someni maneno yake, tafuteni unatoka andiko gani, mpelekeeni paroko. Mara nyingi mtakuta kwamba mtu ambaye hakuwahi kuimba kwaya, aliyekuwa akikamua ng'ombe tu jioni, alikuwa amechagua wimbo wake kwa akili kuliko sisi tunavyochagua wetu. Na kama haiwezekani, mwambieni mwombaji mapema na mweleze sababu. Yule binti aliomba hilo pia katika barua yake, na ndilo jibu dogo kuliko yote ambalo mfiwa anastahili.